SOMO LA ROBO HII: BARUA YA KUMPA MTU KAZI ISIYOACHA UGOMVI NYUMA



Katika matoleo yaliyopita tumezungumza juu ya vitabu vya fedha na juu ya taarifa kwa wafadhili. Safari hii tunataka tukae na karatasi moja tu, barua ambayo kamati ya parokia humwandikia mtu iliyemchagua kwa kazi ya mradi. Mara nyingi huandikwa jioni, kikao kikiwa kimechoka, na katibu hunakili barua ya mwaka juzi na kubadilisha jina. Ni ukurasa mmoja. Lakini tumeona ukurasa huo ukila fedha zilizokuwa zinunue mabomba ya maji, na ndiyo maana tunautolea somo zima.

Parokia tunayoisimulia iko upande wa Makambako. Hatuitaji jina, wala hatumtaji mtu, kwa sababu kosa lake ni kosa la kamati nyingi. Walipata ahadi ya mfadhili kwa mradi wa maji ya mtiririko wa miaka miwili, wakamfanyia usaili dada mmoja mhasibu aliyekuwa akifanya kazi Iringa, wakampenda, wakamwandikia hivi:

"Tunafurahi kukujulisha kwamba umechaguliwa kuwa mhasibu wa mradi wetu wa maji mkoani Njombe. Utaanza kazi mapema iwezekanavyo baada ya taratibu kukamilika. Mshahara wako utakuwa shilingi laki sita kwa mwezi pamoja na marupurupu. Utakuwa katika kipindi cha matazamio kwa miezi mitatu, na ukifanya vizuri utathibitishwa. Ajira hii inategemea upatikanaji wa fedha na masharti mengine ya kawaida. Karibu sana."

Msomaji wa haraka haoni ubaya. Barua ina adabu, inataja mshahara, inataja matazamio. Ubaya wake ni kwamba kila sentensi ina majibu mawili, na kila upande ulishika jibu linaloufaa.

Yaliyotokea

Mhasibu aliacha kazi Iringa, akafika Makambako tarehe 1 Machi. Mwenyekiti alimpokea vizuri, akamkabidhi kabati la mafaili na mhuri, naye akaanza kupanga hati za malipo. Fedha za awamu ya kwanza zilichelewa, zikaingia mwanzoni mwa Aprili. Mwisho wa Aprili alilipwa mshahara wa mwezi mmoja. Alipouliza habari ya Machi, aliambiwa kwamba kazi ilianza Aprili, maana "taratibu" zilikuwa hazijakamilika na fedha zilikuwa hazijapatikana. Barua yenyewe ilisema hivyo.

Tena bahasha ya Aprili ilikuwa na shilingi 516,000. Yeye alitegemea 600,000. "Mwanangu," mweka hazina alimwambia, "laki sita ni kabla ya makato." Akajibu, "Mzee, kwenye usaili mliniuliza nataka kubeba nyumbani kiasi gani, nikasema laki sita." Wote wawili walisema kweli.

Mwezi Juni likaja la tatu. Yeye alihesabu miezi mitatu kutoka 1 Machi, akajiona amethibitishwa tangu mwisho wa Mei. Kamati ilihesabu kutoka 1 Aprili, ikasema bado yuko katika matazamio mpaka mwisho wa Juni. Hakuna aliyekuwa amemwandikia lolote. Angalieni jinsi tarehe moja isiyoandikwa ilivyozaa madai mawili: mshahara wa Machi na siku ya kuthibitishwa.

Jambo lilielekea Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ila kabla ya kufika huko wazee walikaa na pande zote mbili. Kamati ilikubali kulipa Machi. Mshahara ulikuwa 600,000, na mchango wa mwajiri kwa NSSF 60,000, jumla shilingi 660,000. Mfadhili hakuweza kuzilipa, kwa kuwa Machi haikuwamo katika bajeti yake. Zikatoka katika mfuko wa mavuno wa parokia. Mhasibu alibaki, lakini kwa miezi kadhaa yeye na mweka hazina walisalimiana kwa barua tu.

Kipimo chetu

Kabla ya kurekebisha barua ya namna hii, tunashauri kipimo kimoja rahisi. Wapeni barua watu wawili ambao hawakuwamo katika usaili wala kikaoni, kila mmoja asome peke yake. Kisha waulizeni: Mtu huyu anaanza siku gani? Tarehe ya malipo atapokea mkononi shilingi ngapi? Matazamio yanakwisha lini, na nani atamwambia? Jambo gani likitokea au lisipotokea, ajira haipo? Anafanyia kazi wapi? Majibu yao yakitofautiana, au mmojawao akisema "hapo itabidi tumuulize mwenyekiti", sentensi hiyo bado haijaandikwa. Barua inatakiwa ijibu hata siku ambayo mwenyekiti amehama na katibu amebadilishwa.

Sheria nayo inasukuma upande huo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Na. 6 ya mwaka 2004, inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi kwa maandishi mambo muhimu ya ajira: kazi yenyewe, tarehe ya kuanza, aina na muda wa mkataba, mahali pa kazi, saa za kazi, na malipo pamoja na namna yanavyokokotolewa. Mwajiri asipoweza kuonyesha maandishi hayo mbele ya sheria, mzigo wa kuthibitisha au kukanusha sharti linalodaiwa unakuwa wake. Kamati isidhani, basi, kwamba kuacha jambo wazi kunaipa nafasi. Penye shaka kamati ndiyo itakayohangaika kutafuta ushahidi.

Sasa tuirekebishe barua, sentensi kwa sentensi. Tutaiandika kana kwamba ni ya tarehe 4 Januari 2027, ili tarehe zake zionekane zikishikana.

Mshahara

"Laki sita pamoja na marupurupu" inaacha maswali mawili: ni kabla ya makato au baada yake, na marupurupu ni yapi. Tufanye hesabu. Kwa mshahara wa 600,000 kabla ya makato, mfanyakazi anachangia NSSF asilimia 10, yaani 60,000. Zinabaki 540,000 za kukatwa kodi ya mapato. Kwa viwango vya kodi vilivyoanza Julai 2021, kiasi hicho kinatozwa 20,000 pamoja na asilimia 20 ya kinachozidi 520,000, ndiyo 4,000. Kodi ni 24,000. Mkononi zinabaki 516,000, zile zile zilizokuwa katika bahasha.

Kama kamati ingekuwa imeahidi 600,000 za mkononi, ingelazimika kuandika mshahara wa karibu 716,667 kabla ya makato. NSSF ya mfanyakazi ingekuwa 71,667, kodi 45,000, na kinachobaki ni 600,000. Gharama ya kamati haiishii hapo, maana mwajiri naye anachangia NSSF asilimia 10 juu ya mshahara. Kwa tafsiri ya kwanza mhasibu huyu anaigharimu parokia 660,000 kwa mwezi. Kwa tafsiri ya pili ni karibu 788,333. Tofauti kwa mwaka mzima ni shilingi 1,540,000, bila kuhesabu michango mingine ya mwajiri kama ule wa Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi. Hiyo ndiyo bei ya maneno "kabla ya makato" kukosekana katika barua.

Sentensi mpya isomeke hivi: "Mshahara wako ni shilingi 600,000 (laki sita) kwa mwezi kabla ya makato. Kutokana nazo utakatwa mchango wako wa NSSF na kodi ya mapato kwa viwango vya sheria vitakavyokuwapo. Kwa viwango vya leo utapokea mkononi shilingi 516,000. Utalipwa kupitia akaunti yako ya benki si zaidi ya tarehe 28 ya kila mwezi. Hakuna posho nyingine isipokuwa nauli halisi ya safari ya kazi nje ya Makambako, iliyoidhinishwa kabla na mwenyekiti na kuletewa stakabadhi."

Kiasi kimeandikwa kwa tarakimu na kwa maneno, ili sifuri moja isisababishe neno. Ahadi ni ile ya kabla ya makato, na kiasi cha mkononi kimetajwa kama mfano wa leo tu, kwa kuwa serikali ikibadilisha kodi kitabadilika bila kamati kukosea. Neno "marupurupu" limeondoka kabisa. Kila anayeandika barua apige hesabu upya kwa viwango vya mwaka wake, asinakili 516,000 yetu.

Mahali pa kazi

Barua ya kwanza ilisema "mkoani Njombe". Makambako iko mkoani Njombe, lakini na mji wa Njombe uko huko huko, umbali wa kilomita 60 hivi. Mtu aliyepanga chumba mjini Njombe akigundua kwamba kabati la mafaili liko Makambako, nauli ya kila siku inageuka kuwa madai. Iandikwe: "Kituo chako cha kazi ni ofisi ya mradi, Makambako. Mara moja kwa mwezi, au zaidi ukiagizwa, utasafiri Njombe mjini kwa shughuli za benki na halmashauri."

Tarehe ya kuanza na sharti la fedha

Haya mawili tunayaweka pamoja kwa sababu ndipo barua ilipoumia zaidi. Kamati ina haki ya kusema haitaajiri mpaka fedha za mfadhili ziingie. Kosa lilikuwa kulificha sharti hilo chini ya barua bila tarehe, kisha kumpokea mtu kazini sharti likiwa halijatimia. Aliyepewa kabati na mhuri tarehe 1 Machi amekwisha kuanza kazi.

Liko jambo jingine ambalo kamati husahau. Mtu mwenye kazi lazima atoe notisi anakotoka. Kwa anayelipwa kwa mwezi, sheria inataka notisi isiyopungua siku 28. Kwa hiyo kamati haiwezi kumwambia wiki moja kabla kwamba fedha zimeingia au hazikuingia. Atakuwa amekwisha kujiuzulu, au hataweza kufika kwa tarehe. Siku ya kujulishwa lazima itangulie siku ya kuanza kwa zaidi ya siku hizo 28. Ukianza kazi 1 Machi, hesabu inarudi nyuma hadi mwishoni mwa Januari. Sisi tumechagua tarehe 22, ili zibaki siku chache za tahadhari.

Barua iseme: "Ofa hii ina masharti mawili. La kwanza, ulete kwa katibu vyeti vyako halisi vya kidato cha nne na vya uhasibu, pamoja na barua za wadhamini wawili, pamoja na jibu lako la kukubali, kabla ya saa 10 jioni Ijumaa tarehe 15 Januari 2027. La pili, awamu ya kwanza ya fedha za mradi iwe imeingia katika akaunti ya parokia. Ifikapo Ijumaa tarehe 22 Januari 2027 kamati itakuandikia barua ya kuthibitisha kwamba masharti yote mawili yametimia. Usiache kazi uliyo nayo kabla ya kupokea barua hiyo. Isipotoka kufikia siku hiyo, ofa hii imekwisha na hakuna upande unaomdai mwenzake. Ukiipata, utaanza kazi Jumatatu tarehe 1 Machi 2027, saa 2 asubuhi."

Kila sharti sasa lina mambo matatu: kinachotakiwa, nani anasema kimetimia, na mwisho wake ni lini. Sharti lisilo na tarehe ya mwisho humning'iniza mtu, na lisilo na mwamuzi huamuliwa na yule anayesema kwa sauti kubwa. Maneno "masharti mengine ya kawaida" tumeyafuta. Kama kuna mwongozo wa maadili wa parokia unaomhusu mfanyakazi, utajwe kwa jina lake na nakala ibanwe nyuma ya barua. Asichopewa kusoma kisihesabiwe kuwa amekikubali.

Kwa wafadhili tunasema pia: fedha zikichelewa, andikeni mapema. Tarehe ya Januari katika barua hii inategemea ukweli wa tarehe yenu. Na bajeti yenu itaje mshahara kabla ya makato, na mchango wa mwajiri katika mstari wake, ili laki sita ya bajeti na laki sita ya barua ziwe kitu kimoja.

Kipindi cha matazamio

"Ukifanya vizuri utathibitishwa." Vizuri kwa kipimo gani, na ikiwa kamati itanyamaza? Wengi huamini kwamba miezi ikipita kimya mtu amethibitishwa. Mwaka 2019 Mahakama ya Rufani ya Tanzania, katika rufaa ya mfanyakazi wa benki, iliamua kwamba kuthibitishwa hakuji kwenyewe kwa sababu tu muda wa matazamio umepita. Mhasibu wetu, aliyejiona amethibitishwa mwisho wa Mei, hakuwa na msingi imara. Lakini kamati isifurahie mapema. Kanuni za Utendaji Bora za mwaka 2007 zinataka matazamio yawe ya muda wa haki usiozidi miezi 12, na mwajiri amfuatilie mtu, amwambie kasoro zake, ampe nafasi ya kujibu na muda wa kujirekebisha kabla ya kumwachisha. Kunyamaza miezi mitatu halafu kumtoa si utaratibu huo.

Tunapendekeza: "Utakuwa katika matazamio kuanzia tarehe 1 Machi hadi 31 Mei 2027. Kazi yako itapimwa kwa mambo matatu: hesabu za benki za kila mwezi zilizosuluhishwa kufikia tarehe 5 ya mwezi unaofuata, kila malipo kuwa na hati na stakabadhi, na taarifa ya fedha ya mwezi kuwasilishwa kwa kamati kufikia tarehe 10. Mwenyekiti na mweka hazina watakaa nawe Jumatatu tarehe 12 Aprili na Jumatatu tarehe 24 Mei, na utapewa nakala ya yaliyosemwa. Kufikia tarehe 31 Mei kamati itakuandikia kwamba umethibitishwa, au, baada ya kuzungumza nawe na kwa sababu zilizotajwa, matazamio yameongezwa mara moja tu hadi tarehe 31 Agosti 2027, au ajira inasitishwa kwa notisi. Kamati isipoandika lolote kufikia tarehe 31 Mei, utahesabiwa umethibitishwa kuanzia tarehe 1 Juni."

Sentensi ya mwisho ni ya hiari, na baadhi ya wenyekiti huiogopa. Sisi tunaipenda kwa sababu inailazimisha kamati kukaa. Kamati isiyoitaka iandike kinyume chake waziwazi, kwamba bila barua hakuna kuthibitishwa. Kilicho kibaya ni kuacha ukimya uwe na maana mbili.

Muda wa mkataba na kuachana

Mradi ni wa miaka miwili, lakini barua ya kwanza haikusema. Iandikwe: "Huu ni mkataba wa muda maalumu kuanzia tarehe 1 Machi 2027 hadi 28 Februari 2029, na unakwisha siku hiyo isipokuwa tumeandikiana mwingine." Angalizo: sheria haimruhusu mwajiri kumpa kila mtu mkataba wa muda maalumu. Kwa mhasibu, ambaye ni mtu wa taaluma, unafaa. Kwa mlinzi au mpishi, ulizeni kwanza ofisi ya kazi.

Juu ya notisi: "Upande wowote unaweza kuvunja mkataba kwa notisi ya maandishi, siku 7 katika mwezi wa kwanza na siku 28 baada ya hapo." Hiki ndicho kiwango cha chini cha sheria. Kamati inaweza kuandika zaidi, si pungufu. Wala notisi peke yake haitoshi kwa aliyekwisha kufanya kazi miezi sita. Huyo analindwa na sheria dhidi ya kuachishwa bila sababu ya haki na bila utaratibu wa haki. Barua nzuri huondoa utata, haiondoi haki. Sentensi kama "hutadai NSSF" haimfungi mtu, hata akitia sahihi.

Kutia sahihi

Chapisheni nakala mbili. Mwenyekiti na mhasibu watie sahihi zote mbili, waandike tarehe kwa mkono, na kila kurasa iwekwe herufi za majina yao pembeni. Barua isomwe mbele yake na kuelezwa; sheria inamtaka mwajiri ahakikishe mfanyakazi ameielewa. Maelezo ya kazi na saa za kazi zibanwe nyuma. Baadaye likibadilika jambo, hata posho, zungumzeni naye, kisha liandikwe na kuwekwa katika faili lile lile. Faili lisitupwe mradi ukiisha, kwa kuwa sheria inataka maandishi hayo yatunzwe miaka mitano baada ya ajira kumalizika.

Maswali ya kujadili katika kamati

1. Chukueni barua ya mwisho mliyomwandikia mfanyakazi. Wapeni watu wawili waisome na kujibu yale maswali ya kipimo. Walitofautiana wapi?

2. Mshahara ulioandikwa humo ni kabla ya makato au wa mkononi? Mchango wa mwajiri umo katika bajeti ya mfadhili, au unatoka katika sadaka bila ninyi kujua?

3. Kama fedha za mradi zingechelewa mwezi mmoja leo, barua yenu inasema nani abebe mwezi huo?

4. Yuko mtu kwenu ambaye matazamio yake yalikwisha na hajaandikiwa? Kaeni naye kabla ya toleo lijalo, mwandikieni.